Yaya, juri iliniuliza niko upande gani nikakosa jibu

Jambo Yaya. Niko mwanafunzi wa sosyolojia hapa Lubumbashi, mwaka wa mwisho wa lisansi. Memwari yangu ina tita hii: "Maana ya likelemba na athari yake juu ya mtaji wa bamama wauzaji wa soko ya Kenya". Niligawa kesyonere kwa bamama 15 wa ile soko, hapa Lubumbashi kwa komini ya Kenya, wenye wanatoa feza pamoja kila wiki na mmoja anashika yote kwa zamu, nikaandika ipotezi mbili, ya kwanza ikakubaliwa kwa 73%, ya pili kwa 60%. Siku ya kuonyesha kazi, profesa mmoja wa juri akaniuliza: "Wewe ni mpozitivisti ao mwinterpretivisti?" Nikajibu niko yote mbili, batu bakacheka. Akasema swali langu iko upande moja na metodi iko upande ingine, nirekebishe, nina miezi mbili. Direkta wangu anasema niongeze tu ukurasa moja ya "paradigme" kwa sura ya metodolojia, itatosha. Mimi nimesoma noti nikaona tu moja inapenda hesabu, ingine inapenda kuongea. Ni ile tu, Yaya? Na zile kesyonere 15 nitupe?
Mwanafunzi wa Katuba

Mdogo wangu wa Katuba, jambo sana. Wale waliocheka wasikusumbue, nusu yao wangeulizwa swali lile wangejibu kama wewe. Lakini huyo profesa ameona kitu cha kweli, na ukurasa mmoja wa paradigme hautakirekebisha juu shida haiko kwenye ukurasa unaokosekana, iko kwenye tita yako. Soma tena maneno mawili ya tita: "maana" na "athari". Kila moja inaita utafiti wake, na wewe umezifunga kamba moja.

Ile ya hesabu na kuongea iweke kando kwanza, maana inadanganya. Mtu anaweza kuhoji watu 40 kwa mdomo saa nzima na bado akawa mpozitivisti kabisa, na mwingine anaweza kuhesabu vitu akiwa interpretivisti. Swali la kujiuliza ni hili: nani anapanga vikapu? Yaani vile vikundi ambavyo utaweka majibu ndani yake, umevipanga wewe kabla ya kufika sokoni ao unakwenda kuvitafuta kwa wenye sokoni? Mpozitivisti anasema likelemba ni kitu kiko pale nje, kina ukubwa wake na athari zake, iwe mama anajua ao hajui, kazi yangu ni kukipima bila kukigusa na mwenzangu akirudia apate kile kile. Interpretivisti anasema hapana, likelemba iko vile juu bamama wanaifanya iwe vile, kila wiki, kwa namna wanavyoielewa, ukiondoa ule uelewa wao hakuna likelemba tena, kuna tu makaratasi ya feza yanapita mkono kwa mkono. Kwa hiyo yeye hawezi kuja na vikapu tayari.

Watu hawa wawili wamegombana tangu zamani. Durkheim, mwanasosyolojia Mfaransa, mwaka 1897 alichukua madaftari ya serikali za Ulaya, akahesabu waliojiua, akaonyesha kwamba Waprotestanti wanajiua kuliko Wakatoliki, na sababu akaitafuta kwenye namna jamii inavyowashika watu wake, siyo ndani ya roho ya mtu mmoja mmoja. Alishasema mbeleni, mwaka 1895, kwamba mambo ya jamii tuyatazame kama vitu. Weber, mwanasosyolojia Mjerumani, yeye akashikilia kwamba kitendo cha mtu hukijui mpaka uelewe mwenye kukifanya alikuwa anamaanisha nini. Halafu mwaka 1967 Mmarekani mmoja, Jack Douglas, akarudi kwa kazi ya Durkheim na swali la uchokozi: yale madaftari nani aliyaandika? Kuna ofisa alisimama mbele ya maiti akaamua "huyu amejiua" ao "huyu ameanguka", na pale familia na jirani wanaona aibu ya kujiua ni kubwa, kifo kinaweza kuandikwa jina lingine. Basi ile namba ya Durkheim ndani yake kuna watu wanaotafsiri tayari. Shika hii, tutaikuta tena pa Kenya.

Sasa tuchukue likelemba yako tuifanye mara mbili, utaona vile kila kitu kinabadilika kuanzia swali.

Tuseme unabaki na "athari". Swali linakuwa: mama aliye ndani ya likelemba ana mtaji mkubwa kuliko yule asiye ndani? Umeona, swali lina vitu viwili vinavyopimika na uhusiano kati yao, na linaweza kujibiwa "hapana". Hapo ndipo ipotezi ina kazi, na mbele ya kuingia sokoni lazima uandike "mtaji" ni nini. Usiulize "mtaji wako umeongezeka?", kila mtu atakujibu anavyojisikia siku ile. Uliza mara ya mwisho alipokwenda kununua bunga ao samaki ya kukauka alilipa faranka ngapi. Halafu kuna mtego ambao wengi hawauoni: kundi la bamama 10, kila mmoja anatoa faranka 5.000 kwa wiki, anayeshika zamu anapokea 50.000 (hii ni mfano tu). Ukimpata mama siku mbili baada ya kushika, mtaji wake unaonekana mnene, ukimpata wiki ya nane akiwa bado anatoa tu, unaonekana umekonda. Mama ni yule yule. Bila swali la "umeshashika zamu yako ao bado, na lini?" hesabu yako yote inapima kalenda, haipimi likelemba.

Halafu nani wa kuuliza. Hapa ndipo 73% yako inaanguka, samahani kukuambia. 73% ya watu 15 ni bamama 11. Kwa ukubwa wa kundi lile, hata kama ungewachagua kwa kura, kweli ya soko nzima ingeweza kuwa popote kati ya karibu 48% na 89%, yaani hujui hata kama ni nusu ao ni karibu wote. Na wewe hukuwachagua kwa kura, umechukua waliokubali, labda wanaojuana, kwa hiyo hata ule mpaka hauna haki ya kuuandika. Mpozitivisti anaanza na listi. Tuseme soko ina meza 900 zinazolipa taksi. Ile hesabu ya sampo iliyo ndani ya kila kozi ya metodi ni hii:

```
n = 1,96² × 0,5 × 0,5 / 0,05² = 384
n kwa meza 900 = 384 / (1 + 383/900) = 269,4, basi 270
```

Unachukua kila meza ya tatu, unapata 300, watakaokataa wamefunikwa. (Hiyo 384 ni ya kukadiria asilimia moja kwa kosa la pointi 5. Ukitaka kulinganisha makundi mawili kuna hesabu yake, uliza mwalimu wa takwimu.) Na hapa Douglas anarudi: ile listi ya taksi ina meza tu. Mama anayeuza lengalenga chini kwenye gunia hayumo, na huenda ndiye likelemba inamsaidia sana, ao ndiye wanamkataa kwa sababu hana uhakika wa kila wiki. Listi imeandikwa na mtu mwenye shabaha yake, ya kukusanya taksi, siyo yako.

Tena hata ukipata bamama 300 na ukakuta walio ndani ya likelemba wana mtaji mkubwa, bado hujasema likelemba ndiyo imeuleta. Kundi halipokei mtu hivi hivi, linapokea anayeweza kutoa kila wiki, yaani mwenye nguvu tayari. Basi unalinganisha wauza bunga na wauza bunga, wenye miaka mingi sokoni na wenzao, uone kama tofauti inabaki. Ukiweza kuwarudia baada ya miezi kadhaa ni vizuri zaidi, lakini kwa miezi miwili uliyo nayo, sahau.

Sasa geuka, chukua "maana". Swali linakuwa: bamama wanaelewa vipi kile wanachofanya wanapotoa feza kila wiki, na wanaamua vipi nani ni wa kuaminiwa? Hakuna "zaidi kuliko", hakuna "athari", na haliwezi kujibiwa ndiyo ao hapana. Ipotezi hapa haina kazi, maana ipotezi ni kikapu kilichofungwa kabla.

Hapa bamama 15 wanaweza kutosha, lakini hawachaguliwi kwa kura wala kwa bahati. Unawatafuta kwa makusudi juu kila mmoja anajua kitu ambacho mwingine hajui: anayeshika daftari, aliyeingia juzi, aliyetoka mwenyewe, aliyefukuzwa juu ya deni, na yule aliyekataa kabisa kuingia. Huyu wa mwisho usimkose, wengi wanamwacha juu "hayuko kwenye mada". Unaongeza watu mpaka uone mahojiano matatu manne ya mwisho hayakuletei kitu kipya, na memwari inabidi ionyeshe hivyo, isiseme tu kwamba umefika.

Na namna ya kuuliza. Kwenye kesyonere yako nadhani ulikuwa na swali kama "Likelemba ina maana gani kwako?" na vikasha: kuweka akiba, kusaidiana, zingine. Ukiuliza hivyo kwa mdomo pia utapata jibu la shuleni, "ni kusaidiana, mwanangu", kwisha. Uliza tukio: "Mama, nielezee mara ya mwisho uliposhika, tangu asubuhi." Nyamaza. Ataeleza nani alileta feza, nani alichelewa, alipita njia gani kwenda nyumbani, aliificha wapi, alimwambia nani. Tuseme mama anakuambia: "Ile feza, mbele ya siku yangu haina yangu. Bwana akiniomba ya ndugu yake, namujibu sina, na sisemi bongo. Iko ya bamama." Tazama hapo. Kwenye vikasha vyako angetia alama "kuweka akiba" na wewe ungehesabu akiba moja. Kumbe anachoeleza ni namna ya kuifanya feza ikose mwenyewe kwa muda, ili maombi ya familia yasiifikie na yeye asiwe mwongo. Hicho ni kikapu ambacho wewe hukukileta, kimetoka sokoni.

Kutoka pale unafanya kazi ya kweli: unasoma mahojiano mengine ukitafuta nani anasema kitu cha jamaa hiyo, na hasa nani anapinga. Ukikuta mama ambaye bwana wake anajua kila kitu na hata anamletea faranka za kutoa, usimfiche. Huyo anakulazimisha kurekebisha wazo lako, labda ile "feza isiyo na mwenyewe" ni ya nyumba ambamo feza inagombaniwa, siyo ya kila nyumba. Hiyo ndiyo kazi ambayo kule upande mwingine inafanywa na mtihani wa takwimu. Watu wanadhani interpretivizimu ni kuandika tu yale watu walisema, ndiyo maana juri zinaiona kama ya uvivu, na memwari nyingi zinastahili ile dharau: sura ya nne ni maneno ya watu yamepangwa foleni, kati yake "kama alivyosema mama mmoja".

Kuna jambo moja ambalo linatenganisha hawa wawili kuliko yote, na kwetu huwezi kulikwepa. Ukifika sokoni na karatasi mkononi, bamama wanafikiri moja kati ya mawili: huyu ametumwa na ONG, ao huyu ni wa taksi. Akifikiri ONG, mtaji wake unakuwa mdogo ghafla. Akifikiri taksi, unakuwa mdogo zaidi. Kwa mpozitivisti hilo ni kosa ndani ya kipimo, lazima alipunguze: anajitambulisha vizuri, anauliza bei aliyonunua kisha anaangalia wingi wa mali mezani kama vinalingana, anaweka mtu mwingine aulize upya meza chache aone kama majibu yanafanana. Kwa interpretivisti ile ile ni data. Anaandika kwenye daftari lake la kila siku: leo waliniita "mutu wa projet", mama fulani alibadilisha sauti, alianza kueleza likelemba kama "asosiasiyo ya maendeleo". Kumbe bamama wana namna mbili za kuieleza, moja ya wageni na moja yao. Huyu hajaribu kujiondoa kwenye picha juu anajua hawezi, anaeleza alisimama wapi. Ukichanganya, ukaandika kwamba wewe hukuathiri kitu chochote huku umekaa na bamama wiki tatu ukiwasaidia kupima bunga, juri itakukamata tena.

Na usidhani hii ni ya Wazungu na vitabu vyao tu, Katanga hapa imeshatokea. Mwanaantropolojia Johannes Fabian alipokuja kusoma Jamaa, ile harakati iliyotokana na mafundisho ya padri Placide Tempels, miaka ya 1960, alikuja na teoria ya karisma, yaani ya kiongozi anayefuatwa juu ya mvuto wake, tayari mkononi. Lakini Jamaa haikuwa na mavazi yake wala alama za nje za kuhesabu, mtu wa Jamaa ungempita njiani usimjue. Kile kilichokuwepo ni maneno, mafundisho, watu wakifundishana kwa Kiswahili. Ikabidi asikilize, na mwaka 1971 akaandika kwa nini metodi ya kukusanya "fakti" kama mawe ilimshinda kule. Kitu chenyewe ndicho kilichomchagulia njia.

Jibu lako la "niko yote mbili": inawezekana, kuna utafiti wa mseto, watu wanaufanya. Lakini pale kila upande unafanywa kwa masharti yake, mahojiano kwanza ili kupata vikapu vya kweli, kisha kesyonere kwa mamia ya watu, ao kinyume. Ni kazi mara mbili. Watu 15 waliojaza vikasha siyo mseto, ni nusu ya kila moja.

Mimi ningekushauri uchague "maana". Siyo juu ni rahisi, ni juu ya miezi yako miwili na bamama 15 ambao tayari wanakujua uso. Badilisha tita, ondoa "athari" na "mtaji", kitu kama "Likelemba kama wanavyoielewa bamama wauzaji wa soko ya Kenya, Lubumbashi". Ondoa ipotezi mbili na asilimia zake zote. Rudi kwa bamama 8 ao 10 kati ya wale 15, omba ruhusa ya kurekodi, kisha tafuta aliyefukuzwa na aliyekataa, hao nina hakika huna. Hudhuria siku ya kushika zamu mara mbili kama watakubali. Mahojiano ya saa moja yanakula saa tano sita za kuandika, kwa hiyo usingoje kuyamaliza yote, andika la kwanza usiku ule ule, litakuonyesha uliharibu wapi kuuliza.

Direkta wako usimpinge mbele ya watu. Nenda ofisini na karatasi moja, upande mmoja swali la zamani na metodi ya zamani, upande wa pili swali jipya na metodi mpya, mwache asome. Kama kanva ya fakilte inadai sehemu ya ipotezi lazima, na nyingi zinadai, muombe uandike pale "uelewa wa kuanzia": nilianza nikifikiri likelemba ni akiba, na sura ya matokeo itaonyesha ule uelewa ulibadilika wapi. Usiandike tena "imekubaliwa". Na ule ukurasa wa paradigme anaoutaka, andika, lakini uweke sababu zako ndani: swali linataka nini, kwa nini vikapu vinatoka kwa bamama, kwa nini hao na siyo wengine, wewe ulisimama wapi. Ukianza na Comte, baba wa pozitivizimu, na tarehe ya kuzaliwa kwake, profesa yule atalala.

Kesyonere 15 usitupe. Zinakupa umri, biashara wanayouza, miaka sokoni, kiasi wanachotoa. Weka tableo moja ndogo ya kuwatambulisha bamama, uandike "11 kati ya 15", bila alama ya asilimia mahali popote. Majina yao toa, namba za meza pia toa, Kenya watu wanajuana. Na yale majibu ya "zingine", kama kuna mama aliandika hata maneno matatu pale kando ya kikasha, anza na huyo wiki hii.